Saa Yenye Uso wa Kuazima

Tarehe 5 Novemba 2021, kwenye mnada wa Phillips mjini Geneva, iliuzwa saa ya mkononi aina ya Omega Speedmaster iliyotengenezwa mwaka 1957. Wenye mnada walikuwa wameikadiria kati ya faranga za Uswisi 80,000 na 120,000. Wanunuzi wakapandishiana, bei ikapita makadirio, ikaendelea kupanda, na ada zilipojumlishwa hesabu ikafika faranga 3,115,500. Hadi siku hiyo hakuna Omega iliyokuwa imeuzwa mnadani kwa bei hiyo.

Kilichowapandisha mori ni uso wake. Saa za namba 2915-1 ndizo Speedmaster za kwanza kabisa kutoka kiwandani. Mshale wake mfupi umetanuka kama kichwa cha mkuki, na kioo kimezungukwa na pete ya chuma iliyochongwa maneno BASE 1000. Hizo ni adimu hata zikiwa za kawaida. Hii ilikuwa na la ziada: uso wake, uliotoka kiwandani ukiwa mweusi, ulikuwa umechujuka sawasawa pande zote na kuwa wa kahawia, kama maharage ya kahawa yaliyokaangwa vizuri. Wakusanyaji huuita uso wa namna hiyo wa kitropiki, kwa imani kwamba ni jua na joto vilivyoibadili rangi. Uso wa kitropiki uliochujuka bila madoa huonekana mara chache mno.

Mnunuzi alikuwa Omega wenyewe. Kampuni iliitaka saa hiyo kwa ajili ya jumba lake la makumbusho mjini Biel. Juni 2023 kampuni hiyohiyo ikatangaza kwamba saa ile haikuwahi kuzaliwa hivyo. Ilikuwa imeungwa kwa vipuri, vingi vyake vikiwa vya Omega halisi, vilivyokusanywa kutoka huku na huku. Omega ilisema waliokuwa wafanyakazi wake watatu walihusika, ikatangaza kuwafungulia mashtaka, na ikaeleza kuwa yenyewe na wenye mnada wote walikuwa wametendewa uhalifu.

Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huipa saa ya namna hiyo jina la Frankenstein, yule mwanasayansi katika riwaya ya Mary Shelley aliyeunda kiumbe kwa viungo vya maiti. Kwa Kiswahili inatosha kuiita saa ya viraka. Jambo la kushika mapema ni hili: kiraka si lazima kiwe bandia. Uso unaweza kuwa wa Omega kweli, mashine ya Omega kweli, na pete ya Omega kweli, lakini vitu hivyo vitatu vikawa havijawahi kukutana hadi mtu alipovikutanisha mezani kwake.

Kwa nini mambo haya yanawezekana? Jibu limo katika namna saa inavyobeba utambulisho wake. Gari lina namba ya chesisi na namba ya injini, na kadi ya usajili huzitaja zote mbili. Speedmaster ya zamani ina namba moja tu ya pekee, nayo imechongwa kwenye mashine, ndani. Upande wa ndani wa kifuniko cha nyuma umegongwa namba ya toleo, kwa mfano 2915-1, lakini namba hiyo ni ileile kwa kila saa ya toleo hilo. Kasha halina namba yake. Uso hauna, mishale haina, pete haina. Mtu akileta hati kutoka kwenye kumbukumbu za kiwanda inayosema kwamba mashine namba fulani ilitoka ikiwa ndani ya Speedmaster na kupelekwa nchi fulani, hati hiyo inaisemea mashine peke yake. Haisemi lolote kuhusu uso uliopo leo juu ya mashine hiyo.

Patek Philippe ni tofauti kidogo. Hati inayotoa kwa saa zake za zamani hutaja namba ya mashine pamoja na namba ya kasha, na mara nyingi hueleza hata aina ya uso na alama za saa zilizowekwa. Rolex za zamani zimechongwa namba kwenye kasha, katikati ya masikio yanayoshika mkanda, lakini kampuni haiwapi wanunuzi hati za kumbukumbu zake. Kwa hiyo mwenye Rolex ya mwaka 1965 ana namba ya kasha mkononi na hana pa kuipeleka ili aulizie uso.

Hata hivyo, saa nyingi za viraka hazikutokana na hila. Saa ilikuwa chombo cha kazi. Maji yakiingia, uso ukiota ukungu, mwenyewe aliipeleka kwa fundi, na fundi aliweka uso mwingine uliolingana. Mshale ukikatika, alifungua kopo lake la vipuri akachagua unaoenea kwenye mhimili. Kiwandani nako hali ilikuwa hiyohiyo: saa ikirudi kwa matengenezo, ilikuwa desturi kuupa uso mpya na mishale mipya ili mteja aipokee iking'aa. Hakuna aliyelalamika. Mwaka 1975 mtu aliyerudishiwa saa yake ikiwa na uso mpya alishukuru, kwa kuwa alitaka kusoma saa, si kuitunza kwa ajili ya mnada ambao bado haukuwapo.

Soko la wakusanyaji lilipokuja kukua, likageuza hesabu yote. Mfano unaojulikana sana ni Rolex Daytona. Miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 Daytona chache zilitoka na uso wa pekee, wenye rangi mbili zinazopingana na vijialama vyenye vichwa vya mraba ndani ya visahani vidogo. Madukani uso huo haukupendwa. Baadaye ulipewa jina la mwigizaji Paul Newman aliyeuvaa, na Oktoba 2017 saa yake mwenyewe ikauzwa New York kwa dola 17,752,500. Bei hiyo ilibeba jina la mvaaji, bila shaka. Lakini hata Daytona isiyovaliwa na mtu maarufu, ikiwa na uso huo, huuzwa mara kadhaa ya bei ya ndugu yake mwenye uso wa kawaida. Kasha ni lilelile na mashine ni ileile. Tofauti yote imo kwenye kibamba chembamba cha shaba ambacho fundi hukitoa kwa kulegeza skurubu mbili. Hapo ndipo kishawishi kilipozaliwa.

Ili kuona jinsi mkaguzi anavyofanya kazi, ichukuliwe saa moja iliyo rahisi kupatikana kuliko ile ya Geneva: Speedmaster toleo la 145.012, iliyotengenezwa mwaka 1967 na 1968. Ni toleo la mwisho lililotumia mashine ya Omega iitwayo 321. Mkaguzi huanza kwa kufungua kifuniko cha nyuma. Ndani anatarajia kusoma 145.012 pamoja na mwaka wa toleo, 67 au 68, na kwenye mashine namba inayoanza na milioni 24, 25 au 26. Akikuta kifuniko kinasema 145.012 lakini ndani kuna mashine ya 861, iliyoanza kutumika katika toleo lililofuata, kazi imeishia hapo: kasha na mashine havikuzaliwa pamoja.

Tuseme nyuma kuko sawa. Anaigeuza. Jicho la kwanza huenda kwenye nembo ya Omega iliyo juu ya jina. Katika toleo hili nembo ni kipande kidogo cha chuma kilichobandikwa, kinachosimama juu ya uso na kutupa kivuli chembamba taa ikiinamishwa. Kuanzia toleo la 145.022 la mwaka 1969 nembo ikawa inachapwa kwa rangi. Kwa hiyo 145.012 yenye nembo ya kuchapwa imevishwa uso wa baadaye, na haijalishi uso huo ni wa Omega halisi kiasi gani. Hii ni alama ambayo hata asiye fundi anaweza kuiona kwa kioo cha kukuzia cha bei nafuu.

Kisha pete nyeusi inayozunguka kioo, yenye namba za kupimia mwendo. Hapa mkaguzi anatafuta nukta moja ndogo kuliko kichwa cha sindano. Katika pete za hadi karibu mwaka 1970, nukta ya namba 90 imekaa juu ya tarakimu. Katika pete za baadaye imehamia pembeni. Pete hiyo haikufungwa kwa skurubu, imebanwa tu, na mtu mwenye kisu chembamba na mkono mtulivu huing'oa kwa dakika moja. Pete yenye nukta juu, ikiuzwa peke yake bila saa, huzidi dola 1,000. Matokeo yake yanaeleweka. Saa za zamani huvuliwa pete zao na kuuzwa zikiwa na pete mpya, kisha pete zile huonekana kwenye saa nyingine ambazo jana hazikuwa nazo. Vyaelea vimeundwa, na vingine vimeundwa wiki iliyopita.

Kinachobaki ni kulinganisha uso na mishale, na hapa kazi inakuwa tamu kwa sababu mtu anasoma kemia.

Rangi inayong'aa gizani imepita katika zama tatu. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilitiwa radiamu. Baadaye ikaja tritiamu, yenye mionzi hafifu zaidi, na chini kabisa ya uso, pembeni mwa neno SWISS, zikachapwa herufi T mbili kuonyesha hivyo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 viwanda viligeukia rangi isiyo na mionzi kabisa, inayonyonya mwanga na kuutoa baadaye. Radiamu huchukua miaka 1,600 kupungua hadi nusu, lakini unga unaopigwa na mionzi yake hadi ung'ae huchoka miaka mingi kabla. Ndiyo maana saa ya mwaka 1957 haing'ai tena, ingawa mita ya kupimia mionzi ikisogezwa karibu bado huitikia kwa kelele. Tritiamu hupungua hadi nusu kila baada ya miaka 12 na kidogo, na mionzi yake haipenyi hata kioo cha saa.

Mkaguzi anachukua tochi ya urujuanimno, ileile wanayokagulia noti bandia, anaimulika saa kwa sekunde chache katika chumba chenye giza, kisha anaizima. Rangi ya tritiamu iliyozeeka huwaka ikiwa chini ya tochi na kufifia mara tochi inapozimwa. Rangi ya kisasa huendelea kung'aa kijani kwa dakika nyingi. Uso ukizimika na mishale ikaendelea kuwaka, mishale imebadilishwa au imepakwa upya. Vikizimika vyote kwa pamoja, mwendo ukilingana, ni dalili njema.

Jaribio hilo lina mpaka wake. Wapo wanaochanganya rangi mpya na kuizeesha kwa kahawa, chai au rangi za kuchorea hadi ifanane na samli iliyokaa. Mchanganyiko mzuri humdanganya mtu anayeangalia picha tu. Lakini chini ya kioo cha kukuzia, rangi ya zamani huwa imekauka na kupasuka nyufa nyembamba kama udongo wa mbugani wakati wa kiangazi, na ile ya kuzeeshwa huwa laini au yenye punje zinazofanana mno.

Radiamu huacha ushahidi mwingine ambao ni mgumu kuughushi. Saa ikikaa droani miaka mingi bila kutiwa ufunguo, mishale inasimama mahali pamoja, na mionzi yake inauunguza uso ulio chini yake polepole. Hubaki kivuli cha kahawia chenye umbo la mshale. Mkaguzi akikuta kivuli cha mshale mwembamba chini ya mshale uliotanuka, amepata shahidi asiyenunulika: uso huo uliishi na mishale mingine. Na kama uso una kivuli lakini rangi ya mishale iliyopo haina mionzi yoyote, jibu ni lilelile.

Sasa bei. Si kila kiraka kinaumiza sawa, na hapa wasomaji wengi huogopa pasipo sababu. Kioo cha plastiki kilichobadilishwa hakimsumbui mtu, kwa kuwa kilitengenezwa kwa ajili ya kubadilishwa. Springi na gasketi vivyo hivyo. Kifundo cha kutilia ufunguo kikibadilishwa, bei inashuka kidogo, na mwenye subira atatafuta kingine cha zama zake. Mishale iliyobadilishwa huumiza zaidi, hasa ikiwa ya umbo adimu kama ule wa kichwa cha mkuki, lakini nayo hutafutika. Uso ndio unaobeba sehemu kubwa ya thamani, na ndio unaoiondoa ukitoka.

Katika uso wenyewe kuna ngazi. Uso uliotoka kiwandani kama kipuri cha matengenezo ni wa kweli, hupunguza bei, lakini saa inabaki na heshima yake alimradi muuzaji aseme. Uso uliopakwa upya na fundi wa mtaani, herufi zikanenepa na mistari ya dakika ikapinda, huishusha saa kuliko ule wa kipuri, na mara nyingi kuliko uso wa asili wenye madoa na mikwaruzo. Hili huwashangaza wageni wa soko hili: uso mchafu wa asili hushinda uso safi wa kupakwa. Aliyepaka alidhani anaongeza thamani, kumbe amefuta kitu ambacho hakuna anayeweza kukirudisha.

Kiraka kigumu kuliko vyote kukihukumu ni kile kilichochaguliwa kwa ujuzi: uso wa mwaka 1967 kwenye saa ya mwaka 1967, mishale ya zama zilezile, pete yenye nukta mahali pake, vyote kutoka saa tatu tofauti zilizokufa. Hakuna tochi inayoweza kuligundua hilo. Sokoni saa kama hiyo husemwa kuwa sahihi kwa zama zake, neno ambalo mnunuzi anapaswa kulisikiliza vizuri, maana halisemi kwamba ni ya asili. Muuzaji mwaminifu huzitofautisha tungo hizo mbili. Mnunuzi anayeuliza swali hilo waziwazi, na kutaka jibu kwa maandishi kabla ya kulipa, anajiwekea kinga ambayo hati ya kiwanda haimpi.

Wasomaji wenye ndugu Oman wanaweza kuwa karibu na jambo hili kuliko wanavyodhani. Baada ya kushika madaraka mwaka 1970, Sultani Qaboos bin Said alikuwa akitoa zawadi za saa, zikiwamo Rolex zilizoagizwa kupitia duka la Asprey la London, na baadhi zilichapwa usoni hanjari, jambia lile la Kiomani lililopinda. Walizipata maofisa, wakiwamo Waingereza waliopigana katika vita vya Dhofar. Leo chapa hiyo ndogo huipandisha saa mara nyingi juu ya ile isiyo nayo. Saa ya namna hiyo ikiwahi kwenda matengenezoni na kurudi na uso mpya, hanjari imekwenda na uso wa zamani, na kilichobaki mkononi ni Rolex nzuri ya kawaida yenye hadithi isiyoonekana. Upande wa pili wapo waliochapa hanjari juu ya nyuso zilizotoka kiwandani bila chochote. Chapa ya wino mpya juu ya uso wa miaka hamsini huonekana kwenye kingo zake: wino umekaa juu ya vumbi na nyufa, badala ya kupasuka pamoja nazo.

Kwa mwenye saa ya babu inayohitaji kufunguliwa, maelekezo ya kumpa fundi ni mafupi. Asafishe na kutia mafuta mashine. Asiguse uso, asipake rangi mishale, asing'arishe kasha, kwa sababu kila msasa huzila kingo zake. Na kama ni lazima kitu kibadilishwe, kile cha zamani kirudi kwa mwenyewe, hata kikiwa kimevunjika, ndani ya bahasha iliyoandikwa tarehe. Bahasha yenye uso wa asili uliokunjamana, ikiuzwa pamoja na saa, humwezesha mnunuzi kuurudisha mahali pake, na ikikosekana hakuna hati inayoijaza nafasi hiyo.

Vile vipuri vilivyoungwa kuwa Speedmaster ya kahawia vina hali ya ajabu. Vingi ni vya Omega, vya kweli, na vilitoka kwenye saa ambazo sasa hazipo au zimevishwa viraka vyake. Vikitenganishwa kesho, pete ya BASE 1000 bado itakuwa pete adimu ya miaka ya 1950, na mtu atailipia fedha nyingi ili aiweke kwenye saa yake iliyopoteza ya kwake.